Maneno na kishale: Jinsi ya kuandika mswada wa video ya kufunza lahajedwali

Mama mmoja, mweka hazina wa chama, alinipigia simu jioni akiwa na malalamiko mazito. "Mwalimu, kompyuta imekula mia tano," akaniambia. Alikuwa akifuata video niliyomrekodia ya kujumlisha michango ya wanachama kwenye Excel. Watu wanne walikuwa wamelipa 500, 500, 300 na 200, na jumla ilisoma 1500 sawasawa. Wa tano alileta mia tano zake baadaye. Mama akaziingiza peke yake katika seli B6, nayo jumla ikakataa kupanda. Kesho yake kulikuwa na mkutano, na katika chama, mia tano ikipotea haisemwi kwamba ni kompyuta iliyoipoteza.

Nilipofungua faili lake nikaona kosa, na kosa lilikuwa langu. Mama alikuwa ameandika 500/= kama anavyoandika katika daftari lake siku zote. Excel ikikuta alama hizo mbili mwishoni, haioni tena nambari bali inaona maandishi, na fomula ya kujumlisha huyaruka maandishi kimyakimya bila kutoa onyo lolote. Dalili ipo, ila ni ndogo: nambari hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto. Ile mia tano ilikuwa imejitenga kushoto.

Sasa hebu tuulize, kwa nini alikosea? Katika video sauti yangu ilisema, "Andika mia tano." Vidole vyangu viliandika 500. Kwangu mimi hayo yalikuwa kitu kimoja. Kwake yeye "mia tano" ni pesa, na pesa zina namna yake ya kuandikwa. Sauti ingepaswa kusema: "Andika tano, sifuri, sifuri. Usiongeze alama yoyote." Tangu siku hiyo siketi kurekodi skrini kabla ya kuandika mswada wenye safu mbili, moja ya yale yatakayosemwa na nyingine ya yale yatakayofanywa na kishale na vidole, na kila mstari wa kwanza lazima uwe na mwenzake.

Kwa kishale nina maana ya ule mshale unaofuata mkono wako ukisukuma kipanya. Wapo wanaouita kasa, jina ambalo watu wa Pwani wamempa mnyama wa baharini mwenye gamba. Sina ugomvi nao, mradi mwandishi wa mswada achague jina moja na kulishikilia hadi mwisho. Vivyo hivyo neno "safu" likiachwa peke yake huweza kuwa mstari wa kusimama au wa kulala. Mimi husema safuwima kwa ule unaosimama na safumlalo kwa ule unaolala, na mara ya kwanza ninapolitamka kila moja, kishale hupita taratibu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake.

Jambo linalowasumbua waandishi wengi ni mpangilio wa sentensi. Tumezoea kuanza na kitenzi: "Bofya seli B7." Mwanafunzi anayeanza husikia "bofya" na kidole kinabofya papo hapo, popote kishale kilipo. Jina la seli linapofika, mambo yameharibika. Basi mimi hutanguliza mahali, nikanyamaza kidogo, kisha nikatoa amri:

SAUTI: Peleka kishale kwenye seli B7, chini ya mchango wa mwisho.
KISHALE: kinatoka pembeni, kinaingia B7, kinasimama.
SAUTI: Bofya mara moja.
KISHALE: kinabofya neno "moja" likiisha.
SAUTI: Seli imezungukwa na mstari wa kijani.
KISHALE: hakisogei.

Tazama pia nyakati za vitenzi. Amri hutangulia tendo, na "imezungukwa", yenye -me-, huja baada ya tendo kutimia kwenye skrini. Msemaji akisema "nimebofya" ilhali kishale bado kinatambaa, mwanafunzi hudhani amepitwa na hatua, anaanza kurudisha video nyuma kutafuta kitu ambacho hakijatokea. Maneno "hapa", "pale" na "hii" nayo huyafuta yote katika mswada. Mwanafunzi akiangalia kompyuta yake mwenyewe huku akisikiliza, "hapa" haimwelekezi popote.

Fomula ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko yote. Inayotakiwa ni hii:

```
=SUM(B2:B6)
```

Jaribu kuisoma kwa sauti. Wengi wetu shuleni tuliziita zile nukta mbili zilizobebana "nukta mbili". Sasa sema: "B mbili nukta mbili B sita." Nimemwona mtu akiandika B2.2B6, na kwa haki kabisa! Katika mswada andika "nukta pacha", na uonyeshe kitufe chake kwenye kibodi. Usomaji wangu huwa hivi: "Alama ya sawasawa. S, U, M. Fungua mabano. B, mbili. Nukta pacha. B, sita. Funga mabano." Kila kituo ni herufi au alama inayotokea kwenye skrini wakati huohuo. Kwa kuwa B na D husikika karibu sawa kwenye spika ya simu, mwanzoni huwa nimeshataja kichwa cha safuwima: "safuwima B, yenye michango ya Januari."

Wakati fomula inaandikwa, mswada unasema wazi kwamba kishale hakibofyi kitu. Ukiwa umefungua mabano kisha ukabofya seli ya jina la mwanachama ili uielezee, Excel huchukua anwani ya seli hiyo na kuitia ndani ya fomula. Maelezo yote ya majina yatolewe kabla ya alama ya sawasawa au baada ya kubonyeza Enter. Na ukishabonyeza Enter, ule mstari wa kijani hushuka wenyewe hadi B8. Lisemwe hilo, la sivyo mwanafunzi ataona jumla imeachwa juu na kudhani ameharibu.

Kunakili fomula hadi Februari kuna mtego mmoja wa kishale. Kikiwa katikati ya seli huwa msalaba mnene mweupe. Kwenye ukingo hubeba mishale minne, na ukiburuta hapo unaihamisha jumla yenyewe. Kwenye kijidoti cha pembe ya chini kulia huwa msalaba mwembamba mweusi, na huo ndio unaotakiwa. Basi sauti hutaja umbo kabla ya kuamuru: "Subiri hadi uone msalaba mwembamba mweusi. Sasa shikilia, buruta hadi C7, achilia." Fomula ya C7 itakuwa imejibadilisha kuwa =SUM(C2:C6).

Kabla ya kurekodi humketisha mtu mbele ya kompyuta, nikampa mgongo na kumsomea safu ya sauti pekee, naye atende ninayosema tu, si anayokisia. Anapouliza "wapi?" natia alama kwenye mstari huo. Yule mama ndiye aliyenisikiliza mara ya pili. Alifuta 500/=, akaandika tano, sifuri, sifuri, akabonyeza Enter, na jumla ikasoma 2000. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba nambari hukaa kulia. Sentensi hiyo sasa ni ya tatu katika mswada, na kishale husimama kando yake kwa sekunde mbili.