Bima ya Gari na Nyumba kwa Kampuni Moja: Ile Diskaunti Ni Akiba Kweli?

Mtu wa Ogembo akienda kurenew bima ya gari, siku hizi ajenti humwuliza swali la pili: "Na nyumba je? Ukileta zote mbili kwetu tunakukatia asilimia 10." Inasikika tamu. Lakini asilimia 10 ya nini? Hapo ndipo pesa ilipo, na tuliona ni vizuri tupige hesabu pamoja.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi karibu na barabara ya Kisii–Kilgoris. Ana Probox ya thamani ya shilingi 800,000 na nyumba ya matofali ambayo kuijenga upya kungegharimu milioni 3. Vyombo vya ndani, yaani tivi, friji, viti na vinginevyo, ni kama 400,000. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano. Kila kampuni ina vyake.

Kampuni ya kwanza inataka asilimia 4.5 kwa bima kamili ya gari. Hiyo ni 36,000. Bima ya nyumba na vyombo ni 8,500. Jumla 44,500. Ajenti anasema diskaunti ni asilimia 10, na mwalimu kichwani anaona 4,450 zikirudi mfukoni. Kumbe ukisoma kotesheni, diskaunti ni ya bima ya nyumba peke yake. Inakuwa 850 tu, na analipa 43,650.

Jirani yake alikuwa amemwambia kuhusu kampuni nyingine inayotoza asilimia 4 kwa gari kama hilo. Hiyo ni 32,000. Akibaki na nyumba kule kwa kwanza bila diskaunti yoyote, 8,500, jumla ni 40,500. Diskaunti imemgharimu 3,150! Lakini kama ile asilimia 10 ingekuwa ya bima zote mbili, angelipa 40,050, na kuunganisha kungemwokolea 450. Kampuni ni ile ile na asilimia ni ile ile. Kilichobadilika ni kitu kinachokatwa.

Sababu ni rahisi. Gari hugongwa, huibwa na hukwaruzwa mara nyingi kuliko nyumba inavyoungua, kwa hiyo kwa kila shilingi ya thamani bima ya gari ni ghali zaidi. Kukata sehemu ya ile ndogo hakuumizi kampuni sana. Kwa hivyo usiulize "diskaunti ni ngapi?" Omba kotesheni tatu: ya gari peke yake, ya nyumba peke yake, na ya zote mbili. Kisha peleka gari na nyumba kwingine ukaulize vilevile. Linganisha jumla ya mwisho, tozo na ushuru wa stempu zikiwa ndani.

Bado kuna ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Tuseme kampuni ya diskaunti imeweka ekses ya asilimia 5 ya thamani ya gari, na ile nyingine asilimia 2.5. Kwa Probox yetu hiyo ni 40,000 dhidi ya 20,000. Ajali moja tu na zile 450 zimesahaulika. Ajenti hatakutajia hili usipouliza (sio ubaya wake, yeye anauza).

Kuna pia ujanja ambao wateja hujifanyia wenyewe: kushusha thamani ya nyumba ili malipo yapungue. Radi hapa Gusii hatuhitaji kuelezwa. Sasa nyumba ya milioni 4 ukiiandikisha kwa milioni 3, halafu radi iwashe paa na hasara iwe 400,000, kampuni ina haki ya kusema uliweka bima ya robo tatu tu. Inalipa 300,000 kabla hata ya kutoa ekses. Bima ya nyumba huangalia gharama ya kujenga upya, si bei ya shamba, kwa hiyo fundi wa mtaani anaweza kukupa makadirio mazuri kuliko jirani.

Kuunganisha kuna faida ambayo haionekani kwenye hesabu: tarehe moja ya kulipa na mtu mmoja wa kupigia simu. Lakini hiyo tarehe moja ikikupita, gari na nyumba vinabaki wazi siku hiyo hiyo. Nchini Kenya sheria inataka malipo yafike kwanza ndipo bima ianze, na ahadi ya "nitatuma Ijumaa" haikulindi Alhamisi.

Ukituma kwa simu, tumia namba ya Pay Bill ya kampuni yenyewe, si namba ya ajenti, na kwenye Account No. weka namba ya kotesheni au ya gari kama ulivyoelekezwa. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea. Ujumbe ukiingia, usiufute mpaka hati zote mbili, ya gari na ya nyumba, ziwe mkononi. Kuna watu hupokea ya gari haraka kwa sababu ya polisi wa barabarani, halafu ya nyumba inasahaulika kabisa.