Kwa nini bluu huchakaa mapema: safari ndani ya nukta moja ya kioo cha simu

Ukiweka lenzi kali ya kukuzia juu ya kioo cha simu ya AMOLED kinachoonyesha ukurasa mweupe, weupe unatoweka. Kinachobaki ni vidoa vya rangi tatu: vyekundu, vya kijani na vya bluu. Katika simu nyingi vidoa vya kijani ni vidogo, na idadi yake ni mara mbili ya vile vya bluu, ilhali kila kidoa cha bluu ni kikubwa kuliko jirani zake. Waliopanga hivyo walikuwa wakikabiliana na tatizo: kemikali inayotoa bluu huchakaa kabla ya nyingine. Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi kwanza tujue jinsi kemikali inavyogeuza umeme kuwa mwanga, na kwa nini silikoni, iliyojaa kila mahali ndani ya simu, haiwezi kazi hiyo.

OLED ni diodi inayotoa mwanga kwa kutumia kemikali za kikaboni, yaani molekuli zilizojengwa hasa kwa kaboni na hidrojeni. Kioo cha LCD huwa na taa nyuma yake, na kila pikseli huziba au huruhusu mwanga wa taa hiyo. Katika OLED hakuna taa ya nyuma. Kila kidoa huwaka chenyewe, na panapotakiwa weusi, huzimwa kabisa.

Diodi ya Rochester

Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak mjini Rochester, jimbo la New York, walichapisha maelezo ya diodi ambayo ndiyo mama wa pikseli za leo. Watafiti waliowatangulia walikuwa wameshaona fuwele za anthrasini zikitoa mwanga tangu miaka ya 1960, lakini zilidai mamia ya volti. Hii ya Kodak iliwaka kwa chini ya volti 10.

Walianza na kipande cha kioo kilichopakwa utando wa oksidi ya indiamu na bati, ambao hupitisha umeme na pia mwanga. Huo ndio upande chanya. Juu yake waliweka tabaka la kemikali ya jamii ya diamini, lenye unene wa nanomita 75 hivi. Likafuata tabaka la nanomita 60 la kemikali iitwayo Alq3, ambayo kila molekuli yake ni atomu moja ya alumini iliyoshikwa na molekuli tatu za kikaboni. Juu kabisa waliweka magnesi iliyochanganywa na fedha kidogo, upande hasi. Matabaka mawili ya kemikali kwa pamoja hayafiki nanomita 150. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hayo mara mia kadhaa. Wembamba huo ndio ulioondoa haja ya mamia ya volti, kwa kuwa umeme una masafa mafupi mno ya kusukuma chaji.

Sasa unganisha betri. Magnesi huachia elektroni zake kwa urahisi, na ndiyo sababu ilichaguliwa. Elektroni zinaingia katika Alq3. Upande wa pili, utando chanya unanyang'anya molekuli ya diamini elektroni moja na kuiachia nafasi tupu. Wanafizikia huiita nafasi hiyo tundu. Elektroni ya molekuli ya jirani inahamia humo, na kwa hiyo tundu limehamia kwa jirani. Likiendelea hivyo, tundu husafiri kama chaji chanya kuelekea upande hasi.

Elektroni na matundu hukutana karibu na mpaka wa matabaka mawili. Diamini husafirisha matundu vizuri lakini haipokei elektroni, kwa hiyo elektroni zikifika mpakani hukwama. Tundu linapovuka kidogo na kuingia katika Alq3, hukuta elektroni inasubiri. Elektroni inaangukia ndani ya tundu, na nishati ya anguko hilo inatoka kama mwanga wa kijani. Hapo ndipo ulipo ujuzi wa Tang na Van Slyke: kama lingekuwapo tabaka moja tu, chaji nyingi zingepita moja kwa moja bila kukutana, au zingekutana kando ya chuma, ambacho humeza mwanga.

Rangi hutegemea ukubwa wa anguko. Anguko dogo hutoa nyekundu, kubwa zaidi kijani, na kubwa kuliko yote bluu. Mkemia akibadilisha umbo la molekuli, anabadilisha anguko, na rangi inabadilika pia.

Silikoni ina tabia nyingine

Silikoni na kemikali hizi zote ni nusu vipitishi: umeme haupiti humo ovyo kama katika shaba, wala haukatazwi kama katika kioo cha dirisha. Lakini zinafanana kwa jina kuliko kwa tabia.

Katika fuwele ya silikoni, kila atomu imefungamana kwa nguvu na atomu nne za jirani, na mfungamano huo unaendelea bila kukatika toka pembe hadi pembe. Elektroni iliyoachiliwa humo si mali ya atomu yoyote; inatiririka katika fuwele nzima. Katika utando wa kikaboni, kila molekuli imekamilika peke yake na inamgusa jirani tu, bila kufungamana naye. Elektroni hukaa juu ya molekuli moja, kisha huruka kwenda nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, asijue lililo mbele liko karibu au mbali. Ndiyo maana, kwa msukumo uleule wa umeme, elektroni katika fuwele ya silikoni huenda kasi mara milioni moja au zaidi kuliko katika utando kama wa Alq3.

Kwa msafirishaji wa umeme, hiyo ni kasoro kubwa. Kwa anayetaka mwanga, ni neema. Ndani ya silikoni, elektroni na tundu hazishikani: joto la kawaida la chumba linatosha kuzitenganisha. Hata zikikutana, mpangilio wa fuwele hauruhusu elektroni kuanguka moja kwa moja. Inahitaji msaada wa mtikisiko wa atomu, jambo ambalo hutokea kwa nadra, na mara nyingi nishati hupotea kama joto. Mwanga mdogo unaoponyoka ni wa infraredi, ambao jicho halioni. Katika molekuli ya kikaboni, elektroni na tundu zikishafika mahali pamoja hushikana kwa nguvu kubwa na kubanwa katika nafasi ndogo. Njia iliyobaki ni anguko. Kile kinachoifanya kemikali hii isafirishe umeme kwa shida ndicho kinachoiwezesha kung'aa.

Kwa hiyo kila pikseli ya simu ina vyote viwili. Chini ya matabaka ya kemikali kuna utando wa silikoni wenye transista kadhaa na kapasita. Kapasita huhifadhi kiwango cha mwanga kinachotakiwa hadi picha inayofuata ifike, na transista hupitisha umeme kulingana na kiwango hicho. Silikoni inaongoza, kaboni inawaka.

Molekuli zisizoshikana

Ulegevu huohuo wa molekuli unaamua pia jinsi kioo kinavyotengenezwa na kinavyokufa. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za selsiasi. Kemikali za OLED zikiwekwa katika ombwe hugeuka mvuke kwa nyuzi mia chache tu, na mvuke huo hutua juu ya kioo au plastiki ukipita kwenye vitundu vya bamba jembamba la chuma, kila rangi mahali pake. Kwa kuwa hakuna fuwele ya kuvunjika, utando unaweza kukunjwa pamoja na plastiki yake.

Lakini maji na oksijeni huziharibu kemikali hizi pamoja na chuma cha upande hasi. Pikseli zote hufungiwa ndani ya ganda lisilopitisha hewa. Mafundi simu wanalijua vizuri jambo hili: simu ya AMOLED iliyoanguka huja na doa jeusi kama wino, na baada ya siku chache doa limepanuka ingawa simu haijaanguka tena. Ganda limepasuka, na unyevu unaendelea kuingia. Doa hilo halirudi nyuma, na dawa yake ni kubadilisha kioo kizima.

Mkosi wa bluu

Diodi ya mwaka 1987 ilikuwa na upungufu mwingine: kwa kila elektroni 100 zilizopita, ulitoka mwanga wa elektroni moja hivi. Sababu moja ni kwamba mwanga mwingi hunaswa ndani ya kioo. Nyingine imo katika sheria za elementi ndogo za maada. Elektroni na tundu zikikutana, huungana kwa mojawapo ya namna nne, na ni moja tu kati ya hizo nne iliyoruhusiwa kutoa mwanga haraka. Robo tatu ya nishati hupotea.

Mwaka 1998, kikundi cha Stephen Forrest na Mark Thompson, wa vyuo vikuu vya Princeton na Kusini mwa California, kilionyesha njia ya kuiokoa. Waliweka atomu nzito ya platini katikati ya molekuli; baadaye ikatumika iridiamu. Atomu nzito hulegeza katazo, na zile robo tatu nazo zinatoa mwanga. Leo kidoa chekundu na cha kijani cha simu hutumia mbinu hiyo.

Bluu imebaki nyuma. Anguko lake ni kubwa, na nishati yake inakaribia ile inayoweza kuvunja vifungo vya molekuli yenyewe. Katika mbinu ya atomu nzito, nishati hukaa ndani ya molekuli kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutoka, na ikigongana na chaji nyingine, molekuli hukatika. Molekuli iliyokatika haing'ai tena na huwa mtego wa chaji. Hivyo simu nyingi bado hutumia bluu ya mbinu ya zamani, yenye ufanisi mdogo lakini yenye uvumilivu.

Hapo ndipo ukubwa wa kidoa unapoeleweka. Kidoa kikipanuliwa mara mbili, mwanga uleule hupatikana kwa nusu ya umeme katika kila sehemu ya eneo lake. Na maisha ya kemikali hayaongezeki mara mbili tu. Kwa kawaida mwangaza ukipunguzwa nusu, maisha hurefuka karibu mara tatu. Hata hivyo bluu huchoka kwanza, na pale inapopungua, weupe hubadilika kuwa na umanjano.

Kwa hiyo, ukienda kununua simu iliyotumika yenye kioo cha OLED, fungua picha ya kijivu tupu ijaze kioo chote, kisha itazame mahali penye mwanga hafifu. Chunguza juu, palipokuwa alama za betri na saa, na chini, palipokuwa kibodi. Ukiona kivuli cha kibodi au sehemu yenye umanjano, hapo bluu imeliwa zaidi kuliko kwingine, na hakuna programu itakayoirudisha. Na simu uliyo nayo tayari, punguza mwangaza wake na usiache picha ileile ikae kwa saa nyingi. Kila kidoa kina kiasi fulani cha mwanga wa kutoa, na wewe ndiye unayeamua kiishe upesi au kwa taratibu.