Mafua yakimkuta mwenye kisukari safarini: sukari hupanda hata tumbo likiwa tupu

Chukulia mfanyabiashara wa maharage aliyetoka Jinja jioni, akalala Mbale ili awahi kupakia mzigo alfajiri. Anaamka koo likiwasha, viungo vikiuma na homa imempanda. Ana kisukari. Chai na chapati havipiti kooni. Anawaza moyoni: “Sijala kitu, sukari itakuwa chini. Leo niache dawa.” Hatari huanzia hapo.

Mwili unapopambana na mafua hutoa homoni zinazofanya ini limwage sukari kwenye damu, na homoni hizohizo huizuia insulini kufanya kazi yake. Kwa hiyo sukari inaweza kupanda bila mgonjwa kuonja chakula. Ikizidi, figo huitoa kwa mkojo na maji ya mwili hufuata. Mgonjwa hukojoa sana, hukauka, na damu yake huzidi kuwa nzito kwa sukari.

Kipimo kila saa nne

Siku ya kawaida huenda alipima mara moja. Siku ya homa hupima kila baada ya saa nne, na anayetumia insulini hupima hata usiku. Kwanza anawe mikono kwa maji na sabuni, kwa sababu vidole vilivyomenya embe au nanasi hutoa namba kubwa ya uongo.

Mfanyabiashara wetu anapima saa 12 asubuhi na kuona 11.8. Saa 4 ni 14.6, ingawa bado hajala. Anakunywa maji kidogo kidogo, na saa 8 mchana ni 13.1, kisha saa 12 jioni ni 10.4. Anaziandika kwenye daftari lake la hesabu, kwani namba zilizopangwa kwa saa humwonyesha mganga hali inakoelekea. Hizo ni namba za mashine inayoandika mmol/L. Inayoandika mg/dL huonyesha namba kubwa mara 18, hivyo 10 huwa 180.

Kunywa, na chakula kilichokosekana

Nusu kikombe kila saa hukaa tumboni kuliko bilauri mbili kwa mkupuo. Sukari ikiwa juu ya 14, anywe maji au chai isiyo na sukari. Ikiwa chini ya hapo na chakula hakipiti, mlo ule ulipwe kwa kinywaji: kikombe cha uji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, akinywa taratibu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize mganga wake kiasi cha maji kinachomfaa.

Dawa si zote sawa

Anayetumia insulini haachi kamwe kuichoma kwa sababu hajala. Mara nyingi huhitaji hata zaidi, ila kiasi akielekezwe na mganga. Bila insulini mwili huanza kuunguza mafuta, na asidi hujaa kwenye damu.

Glibenklamidi ina hatari iliyo kinyume. Huisukuma sukari chini hata kama mtu hajala, hivyo asiyekula ampigie mganga simu kabla ya kuimeza. Metformini huendelea kama mgonjwa anakula na kunywa, lakini akitapika au kuharisha husimamishwa hadi ale vizuri tena.

Sukari ikishuka chini ya 4, akatetemeka na kutoka jasho, anywe mara moja nusu chupa ya soda yenye sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Dawa za kikohozi za maji nyingi zina sukari, kwa hiyo amwambie muuza dawa kwamba ana kisukari.

Wakati wa kuacha mzigo

Homa katika mashariki ya Uganda isiitwe mafua kwa kukisia. Apimwe malaria siku hiyohiyo, kwa kuwa malaria nayo huvuruga sukari, na kwinini inaweza kuishusha ghafla.

Aende hospitali bila kungoja kesho akitapika kila anachokunywa, akipumua kwa haraka na kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, akisinzia au kuchanganyikiwa, au sukari ikibaki juu ya 15 katika vipimo viwili vinavyofuatana. Jinja na Mbale kila mmoja una hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliye njiani, Tirinyi au karibu na mpaka wa Busia au Malaba, aanzie kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa hiyo mfuko wa safari wa mwenye kisukari uwe na mashine, vijiti vya kupimia vya kutosha siku tatu, dawa zake, na namba ya simu ya kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi. Simu yenyewe huzimika, na mwenzake wa safari anapaswa kujua karatasi hiyo ilipo.