Jaribio Namba 43 Lilikuwa na Mipangilio Gani?

Chukua sentensi hii fupi: "Ng'ombe wa jirani amekula mahindi." Ina maneno matano. Kompyuta iliyofunzwa kusikiliza Kiswahili na kukiandika imesomewa sentensi hiyo, ikaandika "ngombe wa jirani amekula mahindi". Je, imekosea?

Inategemea ni nani anayesahihisha. Programu ya kusahihisha ikiwa inaitambua alama ya ng', basi neno moja kati ya matano limekosewa, na kiwango cha makosa ni asilimia 20. Ikiwa programu hiyo hufuta alama zote za uandishi kwanza, "ng'ombe" na "ngombe" huwa kitu kimoja na makosa ni sifuri. Na ikiwa huweka nafasi mahali palipokuwa na alama, jibu sahihi linakuwa na maneno sita, "ng ombe wa jirani amekula mahindi", na kompyuta inahesabiwa makosa mawili kati ya sita, yaani asilimia 33. Sauti ni ile ile, modeli ni ile ile, na alama ni tatu tofauti. Zaidi ya hayo, alama yenyewe huchapwa kwa namna mbili: ile iliyonyooka ya kibodi, na ile iliyopinda ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe. Macho yetu huziona ni moja, lakini kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti.

Kikundi kinachotengeneza modeli ya kutambua sauti hakifunzi mara moja kikamaliza. Hubadilisha hiki, hufunza tena, hupima, hubadilisha kile. Wiki chache zikipita kuna majaribio kadhaa ya kadhaa, na kila moja limeacha alama yake. Jaribio namba 17 lilipata makosa asilimia 24, namba 43 likapata 21. Swali la haki ni moja: nini kilichopunguza makosa hayo? Bila maandishi yanayoonyesha jinsi kila jaribio lilivyoendeshwa, swali hilo halina jibu, na tarakimu hizo mbili hazina ruhusa ya kuwekwa kwenye jedwali moja.

Tuutazame mfano wa kazi ambayo vikundi vingi vinaweza kuifanya. Modeli ya kuanzia ni XLS-R, iliyotolewa na watafiti wa Facebook mwaka 2021 baada ya kusikilizishwa sauti za lugha 128. Sauti za Kiswahili zinatoka Common Voice, mradi wa Mozilla ambamo watu wa kawaida husoma sentensi kwa kujitolea na wengine huzikagua. Mradi huo hutoa data yake kwa matoleo yenye namba, na hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Kila toleo huja na sehemu ya kufunzia, sehemu ya kukagulia na sehemu ya mtihani, na mgawanyo huo hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Anayesema "nimepima kwa Common Voice" bila kutaja toleo hajasema alipima kwa mtihani upi. Hatari kubwa zaidi ni kufunza kwa toleo moja na kupima kwa jingine, maana sauti za mtihani zinaweza kuwa zile zile ambazo modeli ilifunzwa nazo.

Dawa ya kwanza ni faili la mipangilio. Ni faili la maandishi ya kawaida linalobeba kila uamuzi wa jaribio, na programu ya kufunzia hulisoma kabla ya kuanza kazi:

```yaml
model: facebook/wav2vec2-xls-r-300m
data: cv-17.0-sw
seed: 42
learning_rate: 3.0e-4
batch_size: 8
grad_accum: 4
max_steps: 8000
text:
  lowercase: true
  apostrophe: keep
```

Mstari wa pili unataja toleo la data. Mstari wa `learning_rate` ni ukubwa wa marekebisho ambayo modeli hujifanyia kila hatua. Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayoamua hatima ya ng'ombe wetu: alama ya ng' inabaki, na herufi kubwa zinageuzwa ndogo.

Kanuni inayolinda mpango huu ni kali, na ni vizuri iwe kali. Namba yoyote inayoathiri matokeo ikae kwenye faili hili, isichapwe ndani ya msimbo. Siku mtu anapoingia kwenye msimbo akageuza 3.0e-4 kuwa 1.0e-4 "kwa muda tu", faili huanza kusema uongo, na uongo wake ni mbaya kuliko kutokuwa na faili kabisa kwa sababu watu wanauamini. Vivyo hivyo kwa thamani zinazobadilishwa wakati wa kuita programu kwenye mstari wa amri. Kwa hiyo kinachohifadhiwa pamoja na jaribio ni mipangilio ya mwisho kama programu ilivyoipokea, baada ya mabadiliko yote. Nakala ya faili la awali haitoshi.

Ipo sababu ya kuandika 3.0e-4 badala ya 3e-4. Maktaba ya PyYAML, ambayo wanaotumia Python huitegemea sana, husoma 3e-4 isiyo na nukta kama maandishi, si namba. Mara nyingine programu hukataa papo hapo, na hiyo ni heri. Ubaya ni pale msimbo wa mbele unapoyapokea maandishi hayo kimyakimya. Hakiki aina ya kila thamani mwanzoni, kabla kadi ya GPU haijala saa nane za umeme.

Faili la mipangilio peke yake halitoshi, kwa kuwa halisemi msimbo ulikuwa katika hali gani. Hapo ndipo daftari la majaribio linapohitajika, na liandikwe na programu yenyewe, maana binadamu husahau. Mojawapo ya zana za kazi hiyo ni MLflow, iliyotolewa na kampuni ya Databricks mwaka 2018. Msimbo wake uko wazi, nayo hufanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe hata mtandao ukikatika. Mistari inayohitajika ni michache:

```python
mlflow.log_params(cfg)
mlflow.set_tag("git", commit)
mlflow.log_artifact("pip-freeze.txt")
mlflow.log_artifact("test-transcripts.tsv")
mlflow.log_metric("wer", wer)
```

Mstari wa pili unahifadhi utambulisho wa toleo la msimbo, unaopatikana kwa `git rev-parse HEAD`. Utambulisho huo una maana tu kama hakuna mabadiliko yaliyobaki bila kuhifadhiwa, na amri ya `git status --porcelain` huyaonyesha. Napendelea programu inayokataa kuanza ikiwa amri hiyo imetoa chochote. Ni usumbufu wa dakika mbili unaookoa wiki. Mstari wa tatu unaorodhesha matoleo ya maktaba zote zilizotumika.

Mstari wa nne ndio ambao wengi huuruka, nami nauona kuwa wa thamani kuliko yote. Unahifadhi kile modeli ilichoandika kwa kila sauti ya mtihani, neno kwa neno, kando ya jibu sahihi. Tuseme baada ya majaribio 43 kikundi kinagundua kwamba 20 ya kwanza yalisahihishwa kwa kufuta alama na yaliyofuata kwa kuziacha. Kama alama za mwisho pekee ndizo zilizohifadhiwa, hakuna njia ila kurudia kupima, na huenda hata kufunza upya ikiwa modeli za zamani zilifutwa ili kuokoa nafasi ya diski. Kama maandishi yapo, yote 43 yanasahihishwa upya kwa kanuni moja katika dakika chache, na jedwali linakuwa la haki.

Hata mipangilio inayofanana neno kwa neno inaweza kuficha tofauti. Katika faili letu, kadi moja hupokea sauti 8 kwa wakati, hufanya hivyo mara 4, ndipo modeli irekebishwe. Hizo ni sauti 32 kwa kila hatua. Lihamishie jaribio hilo hilo kwenye mashine yenye kadi mbili, na katika programu nyingi kila hatua itakula sauti 64. Kwa hatua 8000, modeli ya kwanza imepitia sauti 256,000 na ya pili 512,000. Ya pili ikishinda, usiisifu mapema. Lifanye daftari liandike jumla ya sauti kwa hatua kama ilivyokokotolewa mashine ikifanya kazi, na ulinganishe kwa kipimo hicho.

Linabaki suala la `seed`, yaani mbegu ya bahati nasibu. Namba hiyo huamua, pamoja na mengine, sauti zitakuja kwa mpangilio gani na tabaka jipya la juu la modeli litaanza na thamani zipi. Tuseme tumefunza kwa mipangilio ile ile mara tano, tukabadilisha mbegu tu, tukapata makosa ya asilimia 21.4, 22.1, 20.9, 21.8 na 21.3. Wastani ni 21.5, na kati ya bora na duni pana tofauti ya 1.2. Mtu akija na mbinu mpya iliyofunzwa mara moja ikapata 21.1, hajathibitisha kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzao waliionyesha hatari hii katika makala iliyotoka mwaka 2018 kuhusu modeli zinazojifunza kwa kutuzwa. Waliendesha majaribio kumi kwa mipangilio ile ile, wakayagawa makundi mawili ya matano kwa mbegu tu, na makundi hayo yakatofautiana kana kwamba ni mbinu mbili mbalimbali. Wasio na fedha za kufunza mara tano wajaribu mara tatu, na waandike alama zote tatu, si ile bora peke yake.

Kuweka mbegu hakuhakikishi kwamba kila tarakimu itarudi ilivyokuwa. GPU hujumlisha namba nyingi kwa wakati mmoja, na mpangilio wa kujumlisha unapobadilika, tarakimu za mwisho za desimali hubadilika pia. Baada ya maelfu ya hatua tofauti hiyo ndogo hukua. PyTorch ina amri ya `torch.use_deterministic_algorithms(True)` inayopunguza hali hiyo, mara nyingi kwa gharama ya kasi, na hata hivyo wenyewe wanasema wazi kwamba hawaahidi matokeo yale yale kwenye mashine tofauti au matoleo tofauti ya maktaba. Kwa hiyo anayerudia jaribio la mwenzake asitafute 21.4 kamili. Aangalie kama amepata alama iliyo ndani ya upana ule wa 20.9 hadi 22.1. Akipata 26, kuna kitu hakikuandikwa, na pa kuanza kutafuta ni toleo la data na kanuni za kusafisha maandishi.

Nawaomba wanaotoa modeli za sauti za Kiswahili kwa umma waambatanishe vitu vitatu na alama wanayoitangaza: faili la mipangilio ya mwisho, orodha ya sauti za mtihani, na maandishi ambayo modeli yao iliyatoa kwa sauti hizo. Mafaili hayo ni madogo sana yakilinganishwa na modeli yenyewe, na yeyote atakayekuja baada yao ataweza kupima kwa kanuni zile zile.