Chai na Vidonge vya Damu

Mama mmoja mjamzito wa mtaa wetu alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu kila asubuhi bila kukosa, lakini kwa chai ya rangi. Kliniki wakampima tena, damu bado iko chini. Akafikiri amepewa vidonge vibovu.

Kumbe shida ilikuwa chai. Majani yake yana tanini, ile inayokausha ulimi. Tanini inashikana na madini ya chuma tumboni, na sehemu kubwa ya chuma inatoka chooni bila kuingia kwenye damu. Hata chuma cha maharage na mboga kinapotea hivyo hivyo, na kahawa nayo ni ndugu yake. Basi vidonge tumeze kwa maji, chai ingoje saa moja au mbili. Ukipata chungwa au ndimu, inasaidia chuma kuingia.

Usingizi ni shauri la kafeini. Kikombe cha chai kina kama miligramu 40 au 50, cha kahawa karibu 100, kopo dogo la enaji 80. Mtu mzima asipite 400 kwa siku, mjamzito 200, na watoto enaji tusiwape kabisa. Kijana anayekunywa enaji saa mbili usiku ili asomee mtihani, saa saba usiku karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Halafu darasani anatusinzilia!

Yule mama sasa chai yake anainywa saa nne.