Abahinzi au Aba hinzi? Ngeli za Kinyarwanda katika Tangazo la Ushirika

Nani kati yetu hajawahi kuandika "wana funzi" au "ana lima", akarudishiwa insha imejaa wino mwekundu? Basi tusijione peke yetu. Jirani zetu wa Rwanda nao husumbuliwa na ugonjwa huo huo, na dawa yake imo katika ngeli.

Tuchukue mfano. Tuseme katibu wa ushirika wa wakulima wa viazi huko Musanze, kaskazini mwa Rwanda, amebandika tangazo hili ukutani:

"Aba nyamuryango ba koperative yaba hinzi bibirayi ba tumiwe munama izabera kwisoko."

Maana yake ni kwamba wanachama wa ushirika wa wakulima wa viazi wamealikwa kwenye mkutano utakaofanyika sokoni. Likisomwa kwa sauti, Mnyarwanda ataelewa bila taabu. Kumbe hapo ndipo katibu alipoponzwa! Aliandika kama alivyosikia, na sikio halisikii nafasi kati ya maneno.

Kosa la kwanza ni kukata neno. "Abahinzi", yaani wakulima, lina sehemu tatu: a-ba-hinzi. Irabu ya mwanzo huitwa indomo, na sisi katika Kiswahili hatuna kitu kama hicho. Inayofuata, "ba", ni kiambishi cha ngeli, ndugu ya "wa-" yetu. Mwisho ni shina, linalotokana na "guhinga", kulima. Sasa, "aba" likisimama peke yake ni neno kamili lenye maana ya "hawa". Kwa hiyo anayesoma "aba hinzi" huanza na "hawa..." halafu anakwama, maana "hinzi" peke yake si neno. Wakulima hawa ni "aba bahinzi": indomo imeanguka, lakini kiambishi cha ngeli kimebaki. "Abanyamuryango" na "batumiwe" nayo hayakatwi.

Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kugandisha maneno mawili. "Ya" ikikutana na "abahinzi", irabu mbili hugongana. Ile ya kwanza hudondoka na mahali pake huwekwa kibainishi: "y'abahinzi". Vivyo hivyo "ba" na "ibirayi" huwa "b'ibirayi". Hiyo "b'" hapo inapatana na wakulima, wala si na viazi. Ukiandika "bibirayi" unampoteza msomaji, kwa sababu "bi-" ni upatanisho wa viazi wenyewe, kama katika "ibirayi bibiri", viazi viwili. Lakini "ba koperative" katibu alipatia, kwani "koperative" huanza na konsonanti na hakuna irabu ya kugongana nayo.

Kosa la tatu ni "munama" na "kwisoko". "Mu" na "ku" huandikwa peke yake. "Inama", yaani mkutano, hupoteza indomo yake baada ya "mu", tukapata "mu nama". Mbona basi "isoko" haipotezi "i"? Kwa sababu iko katika ngeli ya i-/ama-, na katika umoja hiyo "i" ndiyo alama pekee iliyo mbele ya shina. Kwa hiyo tunaandika "ku isoko", ingawa mdomoni inasikika kama "kwisoko". Ukiiandika hivyo inafanana na vitenzi kama "kwiga", kusoma, na "kwicara", kuketi.

Tangazo sahihi basi ni hili:

"Abanyamuryango ba koperative y'abahinzi b'ibirayi batumiwe mu nama izabera ku isoko."

Utajipimaje? Geuza nomino iwe umoja au wingi. "Y'abahinzi" itakuwa "y'umuhinzi": "aba-" imegeuka kuwa "umu-", kwa hiyo ni sehemu ya nomino, "y'" imebaki vile vile, kwa hiyo ni neno jingine. "Ku isoko" nayo itakuwa "ku masoko": "ku" haikuguswa.

Kipimo hiki kina mpaka wake. "Koperative", neno la kukopa, laweza kubaki vile vile katika wingi. Hapo utazame upatanisho: "koperative y'abahinzi" ni ushirika mmoja, "koperative z'abahinzi" ni vyama vingi. Si unaona? Herufi moja mbele ya kibainishi ndiyo inayowaambia watu kama mkutano ni wa chama chao peke yake au wa vyama vyote. Katibu akiikosea, siku hiyo soko litajaa wageni ambao hawakualikwa!