Mashine Ikiwa Bado Inanguruma: Kumwambia Kinyozi Kuwa Nywele Zinakuwa Fupi

Nywele zinapokuwa fupi kuliko mteja alivyotaka, cha kuangalia kwanza ni kitana cha mashine, kile kipande cha plastiki kinachopachikwa mbele ya makali. Namba yake ndiyo inayoamua urefu utakaobaki. Kwa mashine nyingi za saluni, namba 1 huacha takriban milimita 3, namba 2 milimita 6 na namba 3 karibu milimita 10. Kwa kutamka, namba hizo zimekaribiana sana. Kichwani ni habari nyingine: namba 3 huifunika ngozi, namba 1 huianika.

Kinyozi kwa kawaida huanza kisogoni au pembeni, na kioo kiko mbele, kwa hiyo mteja huona kazi ikiwa tayari imesonga. Dalili ya mapema humwangukia mapajani. Vifundo vya nywele vinavyotua kwenye kitambaa vikiwa virefu karibu sawa na nywele alizoingia nazo, kichwani hakijabaki kitu. Hata hivyo, mstari wa kwanza hudanganya macho, kwa sababu umepakana na nywele ambazo hazijaguswa na huonekana mfupi kuliko ulivyo. Njia ya uhakika ni kuomba nafasi ya kupapasa pale mashine ilipopita, na kujaribu kuzishika nywele kwa ncha za vidole viwili. Zikishindwa kushikika kabisa, hofu ina msingi.

Hapo hakuna sababu ya kungoja. Wengi hunyamaza kwa kumwonea haya fundi, au kwa sababu ya wateja wanaosubiri kwenye benchi, na fundi akiuliza "Sawa?" wanajibu "Sawa" kwa mazoea. Jibu hilo ndilo linalomruhusu aendelee, na kila pigo la mashine linapunguza eneo ambalo bado lingeweza kuokolewa.

Namna ya kumsimamisha ina utaratibu wake. Kichwa kisitikisike, maana mashine iliyo karibu na sikio ikiteleza itachimba shimo. Mteja atoe mkono chini ya kitambaa, auinue mpaka usawa wa bega, na kusema: "Samahani fundi, simamisha mashine kidogo." Maelezo yasubiri mpaka mngurumo ukatike, yakitolewa juu ya kelele, fundi husikia nusu.

Tuchukue mteja aliyeomba namba 3 kichwa kizima, na baada ya mapito mawili juu ya sikio la kushoto anaona ngozi. Anaweza kusema: "Fundi, hapa juu ya sikio pamekuwa pafupi kuliko nilivyotaka. Hiyo ni namba ngapi?" Swali hili halimshtaki mtu. Linamfanya fundi ageuze mashine na kuangalia mwenyewe, na huenda akakuta kitana cha namba 1 kilichobaki kwa mteja aliyetangulia. Sasa maagizo yawe ya yale yaliyobaki: "Basi pembeni zote ziwe moja, lakini usipande kupita hapa," huku kidole kikiwa kwenye pembe ya paji la uso. "Juu acha tatu, katikati uunganishe kwa mbili." Mteja mzee atasema "kijana wangu" mahali pa "fundi", na maagizo yatabaki yaleyale.

Maneno kama "Mbona unanimaliza?" humfanya fundi ajitetee mbele ya watu, na "Usinyoe sana" hayamwonyeshi wapi pa kukomea. Mahali, namba na mpaka ndivyo vinavyomwezesha kurekebisha.

Pengine kitana ni sahihi na bado nywele ni fupi. Mashine nyingi zina kishikio kidogo ubavuni kinachosogeza makali. Kikifungwa, nywele hukatwa fupi zaidi kidogo. Tena, kupitisha mashine kinyume na zinakolalia nywele hukata karibu zaidi na ngozi kuliko kufuata zinakolalia. Ombi linalofaa hapa ni dogo: "Kitana ni hichohicho, ila fungua makali kidogo na ufuate nywele zinakolalia." Ikiwa hata hivyo bado ni fupi, kitana kipandishwe namba moja.

Marekebisho haya hufaa makosa yakiwa pembeni au kisogoni, ambako ufupi unaweza kugeuzwa kuwa mtindo wa kufifia kuelekea juu. Mstari wa namba 1 ukishapita katikati ya utosi, hauna cha kuunganishwa nacho. Zimebaki njia mbili: kushusha kichwa kizima mpaka namba hiyo, au kushusha utosi peke yake mpaka namba 2 ili mstari usionekane sana. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, hivyo kutoka namba 1 kurudi namba 3 ni kama wiki tatu.